Pole Iliyowahi

Nyumba ya jirani waliishi ndugu wawili wa kike: dada mtu, mwenye watoto watatu na ulimi mtamu, na mdogo mtu, aliyewalea watoto hao tangu alipopunguzwa kazi yake ya mapokezi kwenye zahanati. Mdogo mtu alipoitwa usaili wa video, kazi ya huduma kwa wateja katika mji mwingine, alihangaika kama bibi harusi.

Alichagua chumba cha nyuma, mbali na barabara. Akakaa akitazama dirisha ili mwanga umwangukie usoni, akatundika blanketi mlangoni kumeza kelele, akajaza chaji ya kompyuta, akajaribu kiungo cha usaili. Simu akaiwekea bando. Kisha, tahadhari kabla ya hatari, akamwandikia afisa ajira: nafanyia usaili nyumbani, mtandao ukikatika nitarudi kwa simu, kiungo kile kile, nikishindwa, tafadhali nipigieni namba hii. Afisa akajibu kwa upole: asante kwa kutuarifu, nimewaambia wanajopo.

Dada mtu naye alijitolea mno. Aliwaleta watoto kwangu yeye mwenyewe. "Shoga, nishikie hawa, mwenzangu apate utulivu." Nikamsifu. Mimi na macho yangu haya!

Katikati ya swali la mteja mwenye hasira, nyuso za wanajopo zikaganda kwenye skrini, mtandao umekatika. Mdogo mtu akafungua simu, akaingia kwa bando. "Karibu tena, ulitutahadharisha," wakamwambia, wakaendelea mpaka mwisho wakicheka naye.

Alipotoka, dada mtu alikuwa uani anaanika nguo. Hata hakugeuka.

"Pole, mdogo wangu. Mitandao hii haina mwenyewe. Utajaribu tena mwakani."

"Pole ya nini, dada?"

"Si usaili umekatika?"

Mdogo mtu alirudi sebuleni. Kile kisanduku cha mtandao kilikuwa kimezimika, waya umechomolewa na kukunjwa vizuri juu yake. Taa ya friji inawaka. Na nyumbani walikuwa wawili tu.

Kikulacho ki nguoni mwako, lakini wahenga hawakusema kinavyouma kikiwa kimekunywesha uji. Maana dada huyu ndiye aliyemlea mwenzake mama yao alipofariki. Nilifika na watoto nikamkuta mdogo mtu kasimama na waya mkononi, analia bila sauti.

"Hawa wangebaki na nani?" dada mtu akafoka, akionyesha watoto. "Mimi na zamu zangu za kazini? Ulinifikiria?"

"Ungeniomba nibaki, dada, ningebaki."

Dada mtu akarudi uani kwenye nguo zake. Niliona haya kwa niaba yake, na hasira zangu hazijaisha mpaka leo.

Kazi aliipata. Habari ilipoingia kwenye simu, alikuja kuisomea kwangu, akaniomba nisipige vigelegele, wasije wakasikia upande wa pili.