Cheti cha Mafuta ya Uvira

Marcellin alikuwa mtu wa karatasi, na nasema hivyo bila kumtukana. Mwaka ule wa hamsini na saba, Mwafrika asiye na karatasi mfukoni hakuvuka kona mbili mjini Bukavu bila kusimamishwa. Yeye alizaliwa kijiji cha Miti, akasomeshwa na mapadri, na mapadri wakamwachia mwandiko mzuri na imani kwamba kitu kilichoandikwa sawasawa hakiwezi kumdhuru mtu. Mwandiko alikufa nao. Ile imani niliiona ikimtoka, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa kwenye mizani.

Tulifanya kazi katika kiwanda cha sabuni, chini kidogo kuelekea ziwani. Mimi nilipima uzito, yeye alikuwa karani wa mapokezi. Pipa la mafuta ya mawese halikuingia getini mpaka Marcellin aweke sahihi. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na mkewe Anne-Marie, na alipokagua mzigo alitembea polepole kama padri anayebariki mashamba. Tulimcheka, lakini kwa heshima. Hakuna dereva aliyewahi kumpitishia pipa la maji akidai ni mafuta.

Muzee Ramazani alikuwa mfanyabiashara wa Uvira, Mwislamu wa familia ya zamani, mtu wa maneno machache na kofia safi. Kwa miaka mingi alimuuzia mafuta Mgiriki mmoja mwenye bohari na matangi njia ya Nyawera, hapa Bukavu. Yule Mgiriki alichanganya mafuta ya kila mtu, akaleta kiwandani kwa jina lake. Marcellin ndiye aliyemwambia Ramazani siku moja sokoni: kwa nini usilete mwenyewe? Kiwanda kinapokea wauzaji wapya. Mzigo wa kwanza ukikubaliwa, wewe unaandikwa kwenye daftari la wauzaji wa mwaka mzima, na jina linakuwa lako. Muzee alifikiri mwezi mzima. Halafu akakusanya mafuta ya vijiji vinne, mapipa thelathini, na akamwambia Mgiriki wazi kwamba hamuuzii tena. Hapo alikuwa amekata kamba nyuma yake.

Lori lilipanda milima ya Kamanyola likafika kwetu siku ya Jumanne, limejaa vumbi. Ramazani alishuka na bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya wazee watatu wa Uvira, wamepiga dole gumba, wakishuhudia kwamba mafuta yalikamuliwa mbele ya macho yao, kwa chikichi mbichi, kwenye vyungu safi; na chini yake mhuri wa serikali. Kwao hiyo ndiyo njia ya kuthibitisha jambo lolote, iwe ndoa, shamba au mafuta: unaleta watu wanaoaminika, wanasema walichoona. Mzungu wa mashamba makubwa aliyeleta mafuta yake wiki ile alikuwa na karatasi ya aina nyingine, yenye tarakimu, kutoka maabara.

Marcellin aliisoma barua yote, akaikunja vizuri, akamrudishia. Akamweleza taratibu. Kwa kila mzigo, hata wa kwanza wa muuzaji mpya, kiwanda kinadai cheti na ripoti ya vipimo kutoka maabara isiyo ya kiwanda wala ya muuzaji: asidi isizidi sehemu saba katika mia, maji na uchafu visizidi sehemu moja. Cheti kitaje namba za mapipa yenyewe, na kisiwe na umri wa zaidi ya siku thelathini. Masharti hayo aliyapiga chapa yeye mwenyewe, kwa Kifaransa, na nakala alikuwa amempelekea Ramazani kwa posta. Ramazani alisema ndiyo, aliipokea. Alisoma Qur'ani na aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, lakini Kifaransa hakukijua. Alimpa mtu amsomee, na mtu yule akamwambia wanataka ushahidi kwamba mafuta ni mazuri. Basi akaleta mashahidi.

Sasa maabara iliyokuwa ikipima mafuta ilikuwa Usumbura, mji ambao leo ni Bujumbura. Kutoka Uvira mpaka Usumbura ni safari fupi, mtu anaiona ng'ambo ya ziwa. Mafuta yalikuwa yamepanda milima yote ile kuja Bukavu, na sampuli ikabidi ishuke milima ile ile kurudi yalikotoka mafuta. Nilicheka nilipolisikia jambo hilo. Sikucheka tena baadaye.

Marcellin alifanya kazi yake kama ilivyotakiwa, na hilo ndilo linaloniuma. Alifungua kila pipa, akachota juu, katikati na chini kwa bomba la bati, akachanganya, akajaza chupa tatu: moja ya maabara, moja ya kiwanda, moja ya Ramazani. Akazitia lakiri. Kisha akafunga mapipa yote thelathini kwa waya na lakiri za risasi, akaandika namba moja moja, ili cheti kitakapokuja kisiwe na ubishi kuwa ni cha mafuta yale na si mengine. Alikwenda kwa mkurugenzi kuomba mambo mawili. La kwanza, mkemia wetu ayapime palepale, maana alikuwa na vifaa na kazi yenyewe ni ya dakika ishirini. Mkurugenzi alisema kipimo cha kiwanda si cheti. La pili, mapipa yakae chini ya paa la ghala. Mkurugenzi alisema mali ambayo haijapokelewa haiingii chini ya paa la kampuni. Ikiharibika, nani atajibu?

Kwa hiyo mapipa yalikaa nje ya uzio, juani na mvuani, na Ramazani akayafunika kwa majani ya migomba. Alipanga kwa jamaa zake Kadutu. Kila asubuhi alishuka kwa miguu, akasimama getini, akamsalimu Marcellin, akauliza kama posta imekuja. Wiki ya kwanza, hapana. Wiki ya pili, hapana. Kawia ufike, wahenga walisema, lakini mafuta ya mawese hayajui methali. Mafuta yenye maji kidogo ndani yake yanazidi kuwa makali kila siku, na joto linayasukuma. Wakamuaji wa Uvira wanalijua hilo bila maabara.

Wiki ya tatu Ramazani hakuuliza posta. Alikuja mpaka kwenye mizani yangu, akamwita Marcellin pembeni, nami nikabaki nikijifanya nasawazisha mawe ya kilo.

"Karani," alisema, "maji inashuka chini ya pipa. Unipe ruhusa nifungue, nitoe ile maji, nipashe mafuta moto kidogo. Bamama ba kwetu banafanyaka vile. Siku mbili tu."

Marcellin aliyatazama mapipa nje ya uzio.

"Muzee, nikikata lakiri, cheti haitakuwa tena ya ile mafuta. Batasema umebadilisha. Batanikataza hata kuiangalia ile karatasi."

"Lakini mafuta inaoza, papa."

"Najua."

"Unajua, na unaniambia ningoje?"

"Nakuambia ungoje, muzee. Siko na neno lingine."

Nilitaka kumpiga kofi, nasema kweli. Na ningalikuwa mahali pake ningalijibu hivyo hivyo. Kukata lakiri kulikuwa kuua mzigo leo. Kutokata kulikuwa kuuua polepole, na katika polepole mtu huweka tumaini. Siku ile Marcellin alimwandikia tena mkuu wa maabara barua ya adabu kubwa. Alinisomea. Ilikuwa barua nzuri mno.

Cheti kilifika siku ya arobaini na moja tangu sampuli itolewe. Marcellin alikifungua kwa kisu cha kukatia karatasi, na uso wake ukafunguka kabla hajatamka. Asidi: sita na sehemu mbili za kumi. Maji na uchafu: sehemu nane za kumi. Namba za mapipa zote thelathini, bila kosa. Yalikuwa mafuta mema, kama wazee watatu walivyosema. Ramazani alishika karatasi ile kwa mikono miwili, akamshukuru Mungu kwa Kiarabu.

Halafu mkurugenzi akaitazama tarehe ya kipimo: siku thelathini na nne zilizopita. Akachukua masharti yaliyopigwa chapa, akaweka kidole penye siku thelathini, akamwuliza Marcellin nani aliyeandika mstari ule. Marcellin akasema yeye, kwa agizo la ofisi. Basi, alisema mkurugenzi, cheti kimepitwa na wakati. Mwite mkemia apime. Kipimo kile kile kilichokuwa si cheti siku ya kwanza sasa kilitosha kabisa. Mkemia alidondosha dawa kwenye kikombe mpaka rangi ya waridi ikatokea na kukaa, akahesabu, akarudia mara ya pili ili kuwa na hakika. Nane na moja ya kumi. Ilichukua dakika ishirini.

Marcellin aliomba kusema. Alisema mafuta yalipofika getini yalikuwa mazuri na cheti kinathibitisha. Kilichoyaharibu ni kungoja kwetu. Mkurugenzi hakukasirika hata kidogo. Alimwambia amesema kweli tupu, na kwamba kiwanda hakipokei mafuta yalivyokuwa, kinapokea mafuta yalivyo. Akampa kalamu ajaze hati ya kukataa mzigo. Marcellin akaijaza kwa mwandiko wake ule. Ramazani alipewa siku tatu aondoe mapipa.

Jioni Marcellin alinifuata mpaka njia ya Cimpunda, akasema maneno mengi yasiyo na mpangilio. Kwamba angemwambia muzee apime Usumbura kwanza, kabla ya kupakia. Kwamba angeandika masharti kwa Kiswahili. Kwamba mstari mmoja tu wa Kiswahili ungetosha. Nikamwambia maji yamemwagika. Akasema anajua, na akaendelea kuyazoa.

Karibu mwezi baadaye lori la Mgiriki liliingia getini. Mapipa thelathini na matano, mafuta yaliyochanganywa kwenye matangi ya Nyawera, yale makali ya Uvira tuliyoyakataa pamoja na yale laini ya mashamba ya Wazungu. Aliyeshuka upande wa abiria kuusindikiza mzigo alikuwa muzee Ramazani, bila kofia yake safi, ameshika bahasha ya tajiri wake. Alimkabidhi Marcellin kwa mkono.

Marcellin alisoma cheti chote. Asidi sita na nusu. Namba zililingana. Tarehe ilikuwa ya siku tisa zilizopita. Alizunguka mapipa, akagusa kila lakiri, akarudi mwanzo akazigusa tena, na mimi nilijua anatafuta nini. Alitafuta kosa moja, dogo tu, apate kukataa. Halikuwepo. Kila kitu kilikuwa sawasawa.

"Iko bien, karani?" Ramazani aliuliza, kwa upole ule ule wa kila asubuhi.

"Iko bien, muzee," Marcellin alisema, akaweka sahihi.