Kisanduku cha Safu ya Nne

Picha ilipigwa siku tulipomaliza matanga ya babu, na aliyeipiga alikuwa na haraka ya kuwahi gari. Babu alikuwa amechora ukoo wetu nyuma ya kalenda kubwa ya ukutani, kwa rula. Kila mtu alikuwa na kisanduku chake, wanaume kwa wino wa bluu na wanawake kwa wino mwekundu, na kila kizazi kilikaa kwenye safu yake. Miaka miwili baadaye paa lilivuja, karatasi ikaota ukungu, mama akaichoma pamoja na takataka. Ikabaki picha ile. Ilipigwa kutoka pembeni, kwa hiyo safu zote zinapanda kuelekea kulia kama matuta ya shamba letu, na katikati kuna doa jeupe la mwanga wa simu. Ilirushwa kwenye kundi la ukoo, ikapita simu hadi simu, mpaka majina yakawa kama sisimizi.

Ukoo mzima ulijua kwamba mimi ndiye mwenye kazi ya kuyasoma. Hakuna aliyenifundisha. Nilisoma mwenyewe kwenye simu, kidogo kidogo, jinsi ya kusoma michoro ya koo na kuhesabu undugu, na nilikuwa na daftari nililoliandika upya mara tatu kwa sababu sikupenda mwandiko wa kurasa za mwanzo. Najieleza hivi ili ijulikane nilikuwa mtu wa namna gani. Kosa dogo lilininyima hamu ya chakula.

Dada yangu alikutana na mchumba wake chuoni Tanga. Alikuwa kijana wa Mombo, mpole, mwenye kucheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Barua ya posa ilipofika nyumbani kwetu, huku juu ya Lushoto, baba mkubwa aliwauliza washenga jina la mama yake kijana, na la mama yake huyo mama. Walipolitaja la pili, akaitoa miwani, akaifuta, akanigeukia.

"Wewe wa makaratasi. Hebu fungua picha yako."

Nilifungua. Hesabu ilikuwa nyepesi. Safu ya kwanza ni mzee aliyeanzisha mji wetu. Safu ya pili ni watoto wake, babu yangu na dada yake aliyeolewa Mlalo. Chini ya babu yupo baba yangu. Chini ya yule dada wa babu, mstari mnene wa wino ulishuka hadi kwa mabinti wawili. Mkubwa ni shangazi tuliyemfahamu, anayeishi Mlalo hadi leo. Mdogo aliolewa Mombo na hatukuwahi kuonana naye. Ndiye mama yake kijana.

Kwa hiyo baba yangu na yule mama wa Mombo ni watoto wa kaka na dada, ni mabinamu. Na watoto wao, dada yangu na mchumba wake, ni mabinamu wa pili. Nilisema hivyo kwa sauti, nikijivuna kwamba sikukwama.

"Mabinamu wa pili ndiyo nini?" akauliza baba mkubwa. "Hapa hakuna cha pili. Wamekutana kwa mzee mmoja, ni kaka na dada. Rudini, tutaitana Jumamosi ya wiki ijayo."

Dada hakulia mbele yao. Alilia jikoni, akiwa ameshika mwiko, huku maharage yakiungua. Aliniambia, "Wewe si unajua kuhesabu? Basi nihesabie nitoke." Maneno hayo ndiyo yaliyonipeleka nilikokwenda, ingawa siwezi kumlaumu yeye.

Nilianza upya na picha. Niliinyoosha kwenye simu hadi ukingo wa juu wa kalenda ukalala sawasawa. Nikapunguza mwanga, nikaikuza, nikaenda kuichapisha mjini kwa karatasi nne, nikaziunganisha kwa gundi. Halafu nikachukua rula na penseli, nikapitisha mistari ya safu. Ya kwanza ikakaa. Ya pili ikakaa. Ya tatu ikampitia baba na ndugu zake, ikampitia shangazi wa Mlalo, ikafika pale alipopaswa kuwa mdogo wake, yule wa Mombo. Hakuwepo. Kisanduku chake chekundu kilikuwa chini zaidi, kimelala sawasawa kwenye safu ya nne, tulipoandikwa sisi. Picha ilipokuwa imeinama upande, mteremko ulikuwa umelificha jambo hilo.

Nilipima mara nyingi. Babu hakuwa mtu wa kukosea safu. Ndipo nikaona, kwenye ukingo wa lile doa jeupe, mstari mwembamba wa penseli uliotoka kwa shangazi wa Mlalo na kushuka hadi kwa yule wa Mombo. Wino ulisema ni mdogo wake. Penseli na safu vilisema ni mwanawe.

Kesho yake niliamka nikaenda Mlalo. Shangazi alikuwa amekaa nje anachambua mboga, miguu yake imevimba. Nikampa shikamoo, nikampa sukari niliyomletea, nikamwonyesha karatasi. Hakuuliza ni nini.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, shangazi. Ni kwa ajili ya dada."

Alichambua mboga hadi zikaisha. Akasema alimzaa akiwa na miaka kumi na sita. Mama yake alimchukua mtoto siku ile ile, akamnywesha maziwa ya ng'ombe, akamwambia kila mtu kwamba ni kitinda mimba wake. "Babu yako mzaa baba alikuwa mtu wa rula," akasema. "Hakuweza kudanganya karatasi yote. Akadanganya nusu."

Kisha akanishika mkono. "Ananiita dada. Miaka yote hiyo ananiita dada. Nikishazikwa, semeni mnavyotaka. Nikiwa hai, hapana."

Nikamwambia, "Nimekusikia, shangazi." Hayo ndiyo maneno niliyotumia. Nimeyafikiria sana. Niliyachagua kwa makusudi kwa sababu hayakuwa ahadi.

Maana nilikuwa nimeshapiga hesabu mpya. Ikiwa yule wa Mombo ni mjukuu, basi yeye ndiye binamu wa pili wa dada yangu, na kijana ameshuka hatua moja zaidi. Kwenye mtandao watu wa aina hiyo huhesabiwa kuwa mabinamu wa pili waliopishana kizazi kimoja. Mimi nikaona neno kupishana, nikafurahi. Kwenye daftari langu, kupishana kulikuwa kwenda mbali. Hatua moja zaidi kutoka kwa mzee yule, hatua moja zaidi kutoka kwenye katazo.

Jumamosi ilipofika nilikuta kondoo mweupe amefungwa kwenye mti wa mparachichi nyuma ya nyumba ya baba mkubwa. Nikadhani ni wa mboga. Ndani walikuwepo wazee watatu, baba, dada, mchumba wake, na mama yake mchumba, yule wa Mombo, mama mnene mwenye sauti ya kuimba, aliyenikumbatia na kuniita mwanangu.

"Kumbe mimi ni shangazi yenu!" akasema. "Na nimekaa hapo chini tu na joto langu, hakuna hata aliyeniletea kabichi."

Watu wakacheka. Baba mkubwa akakohoa, akaanza kusema kwamba wazee wamekaa na wameona kwamba jambo hili lina njia yake. Sikumwacha amalize. Niliogopa akishasema hapana haitarudishika. Nikasimama, nikasema, "Samahani baba mkubwa, picha tuliisoma vibaya," nikatandaza karatasi mezani, nikaeleza safu, nikaeleza penseli, nikaweka kidole kwenye kisanduku cha safu ya nne. Nikasema shangazi wa Mlalo mwenyewe amekiri.

Sikumtazama yule mama. Nilikuwa natazama karatasi.

Kuku aliingia, akatoka. Kisha mzee mmoja akazungumza Kishambaa, polepole, bila hasira, na nilimwelewa neno kwa neno. Alisema: basi huyu mama ni dada yao hawa mabinti zetu. Na kama ni dada yao, kijana anataka kumwoa mama yake mdogo.

Hapo ndipo nilipoliona. Kwetu kizazi si umbali, kizazi ni cheo. Waliolingana safu ni ndugu, na ndugu wa mbali wanaweza kukatiwa undugu wakaoana. Aliyekaa safu ya juu ni mzazi, hata awe mbali kiasi gani, hata awe mdogo kwa umri. Dada yangu alikuwa safu moja na mama yake mchumba. Nilikuwa nimemtoa kwenye udada nikamweka kwenye umama.

Baba mkubwa alikunja karatasi yangu mara nne. "Wewe mtoto," akasema, "unafikiri sisi hatujui kuhesabu?" Akaonyesha dirishani. "Yule kondoo ni wa kuwakatia undugu. Kwa kaka na dada wa mbali upo utaratibu. Tulisoma wino, tukanunua kondoo. Kwa mama na mwana hakuna kondoo."

"Baba mkubwa, mlijua?" akauliza dada.

"Tulijua tangu hujazaliwa. Ndiyo maana hatukusema."

Yule mama wa Mombo alisimama. Sauti ya kuimba ilikuwa imekwisha. Hakuuliza kuhusu harusi. Alimuuliza baba mkubwa, "Dada yangu anajua kwamba nimeambiwa?" Halafu akasikia alichokisema, akakaa tena.

Nilitaka kusema kwamba nimekosea kupima. Ningeweza. Picha ilikuwa mbovu na hakuna ambaye angenibishia. Lakini nilikuwa nimepima vizuri, na hata dakika ile kuna kitu ndani yangu ambacho hakikukubali kusema uongo juu ya rula. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

Kondoo alirudishwa kwa aliyemuuza. Washenga hawakurudi. Kijana alimwandikia dada ujumbe mmoja tu, nami niliuona kwa sababu dada aliniwekea simu mkononi, akaondoka: "Shikamoo mama mdogo." Sijui kama alikuwa anatania, kama alivyozoea, au alikuwa analia. Dada naye hajui. Hajaujibu, na hajaufuta. Ananisalimia, ananipa chakula, lakini hanitumi kitu tena, hata kumsomea tarehe.

Mwezi uliopita nilikutana na yule mama wa Mombo Lushoto, sokoni, upande wa mboga. Alikuwa ametoka Mlalo au alikuwa anakwenda, sikuthubutu kuuliza. Kwa mchoro niliouthibitisha mimi mwenyewe, yeye ni dada yangu. Kwa umri anaweza kunizaa. Niliinama kidogo, nikasema, "Shikamoo," nikasita, kwa sababu sikujua nimalizie na jina gani la undugu.

Alinitazama kwa muda, mikono ikiwa juu ya kabichi. Akachagua moja, akalipa, akaondoka bila kuitikia.

Nilibaki nimeinama hadi muuzaji akaniuliza kama nanunua.