Dakika Mbili za Kumkaribisha Maman wa Katana

Mimi napenda kusema sana, sitaficha. Mwaka jana, kwenye kongamano la afya hapa Bukavu, nilikuwa mwenyekiti wa kikao, kazi yangu kumtambulisha mzungumzaji mkuu, profesa mmoja muzee. Nikasalimia wakubwa wote kwa vyeo vyao, nikasoma CV yake tangu shule ya msingi. Nilipomaliza, nusu ya ukumbi ilikuwa nje inatafuta fanta, na muzee wa watu akabakiwa na dakika kumi.

Mwaka huu kamati ilinipa nafasi tena, na onyo juu yake: "Dakika mbili, papa. Ya tatu tunakata sauti ya micro."

Nikafanya mazoezi nyumbani Nguba, mke wangu ameshika simu anahesabu. Akanisimamisha. "Zimeisha. Umesalimia watu tu. Mugeni mwenyewe iko wapi?" Nilikasirika, nikamaliza fufu yangu. Kisha nikachukua kalamu ya bic, nikaanza kufuta zile salamu.

Mgeni alikuwa mkunga wa upande wa Katana, maman ambaye miaka mingi amepokea watoto wanaozaliwa bila kulia. Siku yenyewe alinivuta pembeni. "Papa, mimi siko docteur. Tena ni saa ya nyuma ya chakula, watu wamekwisha kula. Hawa wakubwa wakitoka, nitasemea viti?" Alikuwa na karatasi zake, anazipanga na kuzipangua. Nilimwonea huruma, na kusema kweli, nilijiogopa mimi mwenyewe.

Nikapanda. Mbele yangu walikaa waganga wakuu, recteur wa chuo kikuu na padri, kila mmoja anangoja cheo chake. Ulimi uliniwasha jamani! Nikasema tu, "Wakubwa wote, kila mmoja kwa cheo chake, salamu," padri akanikazia macho, nikaendelea.

"Nani hapa amepokea mutoto asiyelia?" Mikono ikapanda moja moja, na simu walizokuwa wanatazama zikashuka. "Basi munajua ule ukimya. Maman huyu anaujua kuliko sisi wote. Kwenye kituo chake cha afya, mara nyingi bila umeme, amefundisha wakunga wenzake cha kufanya katika dakika ile ya kwanza. Leo atatuonyesha, kwa mikono yake." Ndipo nikataja jina lake, mwisho kabisa, nikapiga makofi, nikakaa.

Maman akaweka mwanasesere wa mazoezi mezani. "Aksanti, papa. Umetumia dakika moja na nusu. Mutoto wangu iko na moja tu." Ukumbi ukaangua kicheko, na karatasi zake hakuzigusa tena. Alimkausha mtoto yule, akamsugua mgongo, akamwekea barakoa na kuanza kumpulizia hewa, na mlango haukufunguliwa hata mara moja.

Nilitoka kifua mbele. Pale nje nikakuta profesa wa mwaka jana ananingoja, fanta mkononi.

"Kumbe unawezaga!" akasema, anacheka. "Sasa mimi ulinifanyia vile juu ya nini?"

Nilicheka naye, lakini aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikamwambia, "Unisamehe, muzee," na kwa mara ya kwanza nikaishia hapo.