Sharubu Nilizozikata Mwenyewe

Paka wetu nilimkata sharubu kwa mkono wangu, kwa mkasi wa kushonea, mchana kweupe. Jirani yangu wa hapa Nemba aliniambia paka aliyepunguzwa sharubu hazururi kwa watu, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikaamini. Nilimkuta amelala karibu na mafiga. Nikakata upande mmoja, nikakata na wa pili. Hakulia, maana unywele wenyewe hauna maumivu, basi nikajiona fundi.

Wiki haikuisha, panya wakatuingilia ghalani wakatoboa viroba viwili vya maharage ya mbegu. Paka alikuwa akiingia, tunasikia purukushani, anatoka mdomo mtupu. Mume wangu akasema huyu amepofuka, kama si uvivu tu. Akanunua sumu ya panya, akaiweka juu ya kabati.

"Jumamosi natega," akasema.

Nilijua maana yake. Panya akila sumu, paka atamla panya huyo, na mimi nitachimba shimo nyuma ya migomba. Bado nikanyamaza kuhusu mkasi. Nilikuwa na aibu zaidi kuliko huruma, sifichi.

Nikajaribu kumwokoa kwa akili zangu zilezile. Paka si anaona gizani? Nikaziba kidirisha cha ghala kwa gunia na udongo, nikamfungia humo tangu asubuhi ili awafume panya. Mchana nilipofungua, kiroba cha tatu kilikuwa kimetobolewa, na yeye amejikunyata juu ya magunia.

Ijumaa akapita binti wa mifugo, anayechanja mbwa na paka kijijini kwetu. Akatuamkia shikamoo, tukaitikia marahaba. Mume wangu akamwambia, "Chanja mbwa tu. Huyu paka ni kipofu, hana siku nyingi."

Binti akambeba paka hadi mlangoni pa ghala. Kwenye jua mboni zilikuwa nyembamba kama mstari. Akamsogeza ndani kidogo, mboni zikafunguka zikawa duara. Alipommulika kwa tochi ya simu, macho yakang'aa kijani. Akasema nyuma ya jicho kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana mwanga kidogo tu, ambao sisi ungetuacha tunapapasa, kwake unatosha.

"Lakini pasipo mwanga kabisa haoni kitu, kama wewe na mimi," akasema. "Nani kaziba kile kidirisha?"

"Mimi," nikasema. Hilo angalau lilikuwa jepesi.

Kisha akamgeuza uso, akapitisha kidole penye mashina ya sharubu. Akasema paka haoni vizuri kitu kilicho karibu na pua, ndani ya urefu wa rula ya shule. Hapo husukuma sharubu mbele, zimwambie panya yuko wapi na amng'ate sehemu gani. Mizizi yake ina hisia nyingi, hata upepo mdogo huusikia, na tundu la kupita hulipima nazo. "Wa kwenu anamsikia panya na kumnusa vizuri, anamfikia, halafu anamkosa mdomoni. Hizi zimekatwa na mtu."

Mume wangu akaanza kulaani watoto wa jirani. Angeweza kuendelea hadi jioni.

"Nimezikata mimi," nikasema. "Waache watoto wa watu."

Mume wangu alinigeukia. Nilitegemea maneno, na ningestahili. Akamuuliza binti kama zinaota tena. Zinaota, akajibiwa, wiki kadhaa hadi miezi. Mume wangu akaingia ndani, akachukua ile sumu, akaenda kuitumbukiza chooni. Kisha akapanda ngazi na panga, akazibua kidirisha.

Viroba vilivyobaki tukavipandisha kwenye jukwaa mbali na ukuta, tukasubiri. Kila asubuhi nilimshika paka kidevu nikampima sharubu, naye akavumilia. Nilikuwa na furaha ya kijinga kila zilipoongezeka.

Siku moja asubuhi, baada ya palizi ya kwanza, tulikuwa ghalani wote watatu, mimi, mume wangu na paka. Paka akanusa kona moja, akaachama mdomo kidogo, kama anaonja ile harufu. Sikio moja likageukia ukutani, la pili likabaki kwetu. Mimi sikusikia chochote. Panya huongea kwa sauti nyembamba ambayo masikio yetu hayaifikii, binti alituambia. Paka akaruka, sharubu zote mbele, akatoka na panya wake mdomoni.

Mume wangu alicheka mpaka akakaa juu ya debe. "Mke wangu," akasema, "angekuwa na mkasi yeye, sijui ungekuwa na nywele leo."

Paka akaja kumweka panya miguuni pangu. Hakumpelekea yeye aliyetupa sumu, aliniletea mimi, na mbele ya mume wangu nikalia.