Maneno Sitini

Saa tatu na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumamosi, mwalimu aliweka karatasi mbele yangu na kuigeuza ili maandishi yanielekee. Nakumbuka saa hiyo kwa sababu niliiandika kwenye kona ya juu, kulia, kama ninavyoandika kwenye kila kitu ninachopokea kazini. Mimi hutengeneza cherehani Kitale. Kila mashine inayoingia dukani hupata saa yake na tarehe yake.

Darasa lilikuwa Bungoma, katika chumba cha kukodi nyuma ya kanisa. Kitale kuna madarasa ya watu wazima pia, lakini Kitale watu huniita Mwalimu. Sijawahi kufundisha popote. Niliacha shule darasa la saba, na yote ninayoyajua nimeyapata katika vitabu vya mitumba na magazeti ya kufungia bidhaa. Ila ni mimi ninayewaandikia majirani barua, na tangu zamani mimi ndiye katibu wa kila kamati ya mazishi mtaani. Ningeonekanaje nimekaa kwenye dawati kati ya watu wanaoniita hivyo? Kwa hiyo niliwaambia nafuata vipuri, nikapita mji mdogo wa Kamukuywa hadi Bungoma, ambako hakuna anayenijua.

Karatasi ile ilikuwa ya kupima. Juu kulikuwa na kifungu kifupi na maswali yake, alama ishirini. Chini kabisa kulikuwa na swali la mwisho na mistari minane: *Kwa aya moja isiyozidi maneno sitini, eleza sababu moja kuu iliyokufanya urudi shuleni. Toa mfano mmoja.* Alama kumi. Aliyepata ishirini kati ya thelathini angeingia moja kwa moja darasa la Jumamosi, la wanaojiandaa kwa mtihani wa sekondari. Aliyekosa angeanzia darasa la chini, mwaka mzima, na darasa hilo lilikuwa la Jumatatu hadi Alhamisi. Duka langu halina mtu mwingine. Kuanzia chini kwangu kulikuwa na maana ya kutoanza. Hata hivyo nilikuwa nimeibeba ada ya darasa hilo la chini katika bahasha, ndani ya koti, kwa kuwa sikuamini sana kwamba ningefaulu.

Maswali ya juu niliyamaliza haraka. Nilipofika kwenye mistari minane nilipumua, nikaanza kama ninavyoanza siku zote mbele ya watu. Nilimshukuru Mungu kwa kutufikisha. Nikamshukuru mwalimu kwa kunipokea, na wanafunzi wenzangu kwa kunipa nafasi. Nikasema nilikozaliwa, kwamba wazazi wangu walihamia Trans-Nzoia wakitoka Nyandarua, na kazi ninayoifanya. Mistari ikaisha. Nikaendelea pembezoni, kisha nyuma ya karatasi.

Mwanamke aliyekaa kando yangu, muuzaji wa nguo za mitumba sokoni, alinichungulia.

"Baba, wewe bado?" akaninong'oneza. "Ati hapo si maneno sitini pekee?"

"Nakaribia kwenye sababu."

"Si utuandikie Biblia yote basi, bana."

Mwalimu alisahihisha hapo hapo, mmoja mmoja, mezani kwake. Alikuwa na umri wa binti yangu, kama ningekuwa na binti. Sehemu ya juu alinipa kumi na nane. Alipofika chini alianza kuhesabu kwa ncha ya kalamu nyekundu, akigusa kila neno bila kulisoma. Kwenye neno la sitini akachora mstari wa wima. Kisha akarudi mwanzo, akasoma mpaka kwenye ule mstari, akasimama.

"Mzee, hii ni jibu ama ni hotuba?"

"Ni jibu, Mwalimu. Sababu iko nyuma."

"Ya nyuma sisomi. Mtahini hasomi. Ndani ya sitini umenisalimia, umeshukuru, umeniambia kwenu. Mimi nilikuuliza kwenu?"

"Hapana."

"Basi ni sufuri."

Hakusema kwa ubaya. Kumi na nane. Muuza mitumba, ambaye kule juu alipata kumi na tatu, kwenye aya alipata saba. Ishirini kamili. Aliandika, akanionyesha baadaye, kwamba alirudi shuleni ili asome mwenyewe mikataba ya kibanda chake, na kwamba mwaka jana alitia sahihi asichokielewa akahamishwa kando ya mtaro. Ni hayo tu. Nilimwonea wivu kwa namna alivyofika moja kwa moja kwenye sababu.

Mwalimu akaniita tena wengine walipotoka kunywa chai. Kulikuwa na ruhusa ya kurudia aya mara moja, kwa sababu watu wazima wengi huangukia hapo. Dakika ishirini. Alinipa karatasi safi na kunieleza kama mtu anayempa fundi vipimo: sentensi ya kwanza ijibu swali, ya pili ieleze, mfano ufuate, ya mwisho ifunge. "Salamu waachie watu wa mazishi," akasema. Hakujua alichosema.

Chumba kilikuwa kitupu. Nilisikia vikombe na kicheko cha yule mama nje. Niligundua kwamba sikuwa na sababu yangu mwenyewe ya kuweka pale. Ile ya nyuma ya karatasi ilikuwa ya kusomewa watu: elimu ni nuru, na kadhalika. Ukiondoa salamu na shukrani, hakuna aliyewahi kuniuliza ninachotaka. Mke wangu alikuwa akiniuliza, lakini sasa ni mwaka wa nne tangu nimzike. Kamati ya mazishi yake pia niliiandikia kumbukumbu mwenyewe, hapakuwa na katibu mwingine.

Dakika nane zilipita. Kisha nikaandika:

*Nilirudi shuleni kwa sababu sina mtu wa kunisahihisha. Nimesoma peke yangu kwa miaka thelathini, na anayesoma peke yake hajui anapokosea. Kwa mfano, kitabu changu cha zamani kilisema sayari ni tisa. Niliwaambia watu hivyo miaka mingi, na wote waliniamini. Mtoto wa mteja ndiye aliyecheka. Kwa hiyo nataka kukaa mahali ambapo kazi yangu itasomwa na mtu anayejua zaidi yangu.*

Nilihesabu mara tatu. Hamsini na saba.

Mwalimu naye alihesabu, hakuchora mstari. Akasoma polepole. Mwishoni aliandika nane kati ya kumi, na kando ya sentensi ya mtoto akaandika kwa wino mwekundu: *Alicheka kwa nini? Msomaji hajui.*

"Umeingia, Mzee. Jumamosi ijayo saa tatu. Usichelewe."

Nilimshukuru kwa neno moja.

Jioni nilifungua duka, nikakaa kwenye kiti cha wateja. Karatasi niliiweka juu ya meza ya cherehani, chini ya taa. Alama nane sikuzitazama sana. Nilitazama yale maneno mekundu. Katika miaka thelathini ya kuandika, yalikuwa ya kwanza kuandikwa na mtu mwingine kando ya yangu.

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimebakiwa na maneno matatu, na matatu yalitosha. Nikachukua kalamu, nikaongeza baada ya kicheko cha yule mtoto: *akasema ni nane*. Nikahesabu. Sitini.

Hakukuwa na mtu wa kumwonyesha, kwa hiyo niliikunja karatasi nikaihifadhi kwa ajili ya Jumamosi. Nilipokuwa nikitundika koti niliikuta mfukoni ile bahasha ya ada ya darasa la chini, bado imefungwa kwa gundi. Shilingi elfu nne na mia tano.