Tulisema ni Vumbi la Mpunga

Mdogo wangu aliolewa Ndungu, na Ndungu wakati wa kupura mpunga kila mtu anajikuna. Kwa hiyo mimba yake ya kwanza ilipokuwa kubwa, akaanza kuwashwa viganja na nyayo, mama mkwe wake alimwambia akaoge, ni vumbi la mpunga. Mimi, niliyesoma chuo kikuu, nilimpelekea losheni ya bei mbaya, yenye picha ya parachichi.

Mtoto yule alizaliwa amekufa. Hatukuuliza mengi. Tulimzika na kurudi shambani.

Alipobeba mimba ya pili nilimleta kwangu Same. Mwezi wa nane wa mimba ulipoanza, nikamkuta ameweka nyayo kwenye sakafu ya saruji, akizisugua.

"Imerudi," alisema. "Usiku ndiyo balaa. Na hapa hakuna mpunga, kaka."

Hospitalini daktari alimgeuza viganja. Hapakuwa na upele, ila mikwaruzo ya kucha.

"Losheni nimepaka," mdogo wangu akasema. "Huyu alinunua ya parachichi."

"Ungemletea parachichi lenyewe, angalau angekula," daktari alinijibu, kisha akaacha kutabasamu. "Ini likishindwa kutoa nyongo vizuri, asidi zake hubaki kwenye damu. Mama anawashwa, na zikipanda sana mtoto anaweza kufa tumboni bila dalili nyingine. Kwa macho sitajua. Tupime damu: ini, na hizo asidi. Za asidi tunapeleka sampuli Moshi."

Majibu yalikuja ya kawaida. Nilishusha pumzi, nikaanza hata kutoa mhadhara kuhusu hofu za bure. Daktari hakunisikiliza. "Kuwashwa kunaweza kutangulia. Bado anawashwa? Turudie wiki ijayo."

Ya pili yalikuwa juu. Yaliyofuata yalikuwa juu zaidi. Alilazwa, wakamwanzishia uchungu kabla ya siku zake kutimia.

Mtoto wa kike alilia kwa hasira, kama aliyeamshwa. Siku chache baadaye viganja vya mama yake vilitulia.

Mama mkwe alipanda basi kuja kumwona. Alisimama nje ya mlango wangu akikung'uta khanga yake, akaikung'uta tena, ingawa msimu wa mpunga ulikuwa umepita.

"Shikamoo, mama. Ingia tu," mdogo wangu akasema. "Halikuwa vumbi."

"Marahaba." Alimpokea mtoto, akamtazama kwa muda mrefu. "Na yule wa kwanza? Naye ilikuwa nyongo?"

Nilikuwa nimemuuliza daktari swali hilo hilo. Alisema inawezekana, lakini damu ya wakati ule haikuchukuliwa, na hakuna kipimo kinachorudi nyuma.

"Yule hatukumpima, mama," mdogo wangu alisema.

Bibi akaanza kumpembeza huyu, akimwimbia kwa Chasu, lugha ya kwao, na machozi yakimdondokea kwenye khanga safi.