Kete Iliyolinda Nyumbani

Luqmani, mkwezi wa minazi wa Kiegeani, hakuwa na jambo la kujivunia ila drafti, na hata hilo Swalehe alimnyima. Swalehe, mvuvi wa Kilwa, kila msimu alipiga dago, kambi ya wavuvi, hapa na kukalia benchi la kahawa kama mfalme. Kijiweni petu mfalme hainuki kwa sare. Anainuka akifungwa tu.

Jana ilikuwa siku ya mwisho ya dago. Kwa mara ya kwanza Luqmani alikuwa mbele: kete tatu kwa mbili, na moja yake ililinda nyumbani, mstari wa nyuma ambao kete ya adui ikiufika huwa kingi. Kilichobaki ni kubadilishana kete moja kwa moja. Angeweza kuitoa kete yake ya mbele iliwe, akala kwa ile ya kati, mlinzi akabaki palepale. Au angetoa ya kati, akala kwa mlinzi, ya mbele ikaingia kingi upesi.

Jamani, nani alimwambia kingi ndio ushindi? Akala kwa mlinzi.

Kweli akapata kingi. Lakini kete ya Swalehe iliambaa ukingoni, pasipolika, ikaingia nyumba iliyoachwa wazi. Ikawa kingi, ikalala njia kuu, kona hadi kona. Luqmani akaleta kingi lake la pili. Mawili yakalizunguka moja bila kulishika, mpaka kahawa ikapoa.

“Sare, kaka,” Swalehe akasema kwa upole. “Inuka.”

Leo dago limevunjwa. Luqmani amekaa benchini peke yake, amezipanga upya kete tatu kwa mbili mbele yake, na mlinzi yuko nyumbani.